Bibi Husema Nti, Msimulizi Husema Nchi

Ukurasa wa kwanza wa muswada ule ulikuwa na “kwa hiyo”. Ukurasa wa pili ulikuwa na “kwahiyo”. Katika ukurasa wa tatu kijana alikata “tiketi” ya basi la Tanga, na kufikia ukurasa wa tano alikuwa ameipoteza “tikiti” hiyohiyo. Alipofika nyumbani, bibi yake alimpokea kwa maneno yaliyofungwa ndani ya alama za usemi zilizopinda, naye akamjibu ndani ya alama zilizonyooka kama misumari. Hadithi yenyewe ilikuwa tamu. Nilikaa nayo mpaka usiku wa manane bila kugusa kalamu, na ndivyo ninavyofanya kwa kila riwaya inayoletwa kwangu, kwa sababu mhariri anayeanza kusahihisha kabla hajaujua mwisho wa hadithi hurekebisha vitu ambavyo mwandishi alivikusudia.

Muswada ulikuwa na kurasa 212 zilizochapwa kwa kompyuta. Mwandishi wake ni mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Mombasa aliyeolewa Tanga, na riwaya inamhusu bibi kizee wa Mombasa anayehamia Tanga kuishi na mjukuu wake. Nitautumia muswada huo kueleza kazi ambayo msomaji wa kitabu haioni kabisa ikifanywa vizuri: kuufanya muswada uwe na tahajia moja, uamuzi mmoja juu ya maneno ya mkopo na mtindo mmoja wa kuandika mazungumzo, kabla haujakabidhiwa kwa msanifu wa kurasa.

Neno “kabla” hapo lina uzito wake. Kitabu kikishapangwa kurasa, kila mstari umekaa mahali pake. Ukigeuza “kwahiyo” kuwa “kwa hiyo” katika prufu, nafasi moja inaweza kulisukuma neno la mwisho lishuke mstari wa chini, aya ikaongezeka mstari mmoja, na mstari huo ukaachwa peke yake juu ya ukurasa unaofuata. Tena msanifu hufanya masahihisho ya prufu moja moja, akisoma mwandiko wako pembezoni, na kila anapogusa mahali anaweza kuzaa kosa jipya. Kwa hiyo chochote kinachoweza kutafutwa na kurekebishwa ndani ya faili kirekebishwe humo. Prufu zibaki kwa yale yanayoonekana kwenye prufu tu.

Kazi huanza na kamusi. Watu wengi hudhani tahajia ya Kiswahili Sanifu ni moja na kosa ni kutoijua. Ni kweli kwamba mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na kwamba tangu 1930 kulikuwa na kamati ya lugha iliyoshughulikia maandishi ya nchi zote nne za Afrika Mashariki zilizokuwa chini ya Waingereza. Lakini leo mhariri ana Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotoka mara ya kwanza 1981 kisha ikatolewa upya 2004 na 2013. Anayo Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA ya mwaka 2015, na anayo Kamusi la Kiswahili Fasaha la BAKIZA la 2010. Kamusi hizi hazikubaliani katika kila neno, na baadhi ya maneno huyaorodhesha kwa sura mbili. Ndiyo maana siulizi tu kama neno limo kwenye kamusi. Nachagua kamusi moja na toleo lake, naliandika jina hilo juu ya karatasi yangu ya maamuzi, na pale kamusi inaporuhusu sura mbili nachagua moja na kuishika mpaka ukurasa wa 212.

Karatasi ya maamuzi ni orodha ya kawaida tu, kwa mpangilio wa alfabeti. Kila mstari una neno tulilolichagua, sura tulizozikataa, ukurasa nilipoliona mara ya kwanza, na mahali ambapo uamuzi hauhusu. Yangu ya riwaya hii ilianza hivi: “asubuhi”, si “asubui”. “Baiskeli”, si “baisikeli”. “Hasa”, si “haswa”, isipokuwa kinywani mwa mjukuu. Kile kipande cha mwisho, “isipokuwa”, ndicho kilichokuja kuwa kazi kubwa kuliko zote, na nitakirudia.

Sasa tahajia. Kutafuta neno la Kiswahili ndani ya kompyuta kuna ugumu wake, kwa sababu neno letu hubadilika mwanzoni. Mwandishi aliyezoea kutamka z badala ya dh hataandika “zarau” peke yake. Ataandika “alimzarau”, “wasituzarau”, “kuzarauliwa”. Ukiiambia kompyuta itafute neno zima, haitakuonyesha hata moja kati ya hayo. Lazima utafute mzizi, herufi zile tu zisizobadilika, na uiruhusu kompyuta izione popote zilipo. Mimi huwa na orodha ndogo ya mizizi ya namna hiyo: “zarau”, “zani” kwa ajili ya wanaoandika “nazani”, “feza”, “zambi”, “azabu”. Kisha naigeuza orodha, maana kuna wanaoogopa kosa hilo mpaka wakaliweka dh mahali ambapo halikuwapo: “dhawadi”, “dhiara”, “dhaidi”.

Kutafuta mzizi ni salama. Kubadilisha zote kwa mkupuo ndiko kunakoumiza, na nililijua hilo kwa gharama. Miaka kadhaa iliyopita, katika kitabu kingine, nilikuwa nimeamua kwamba katika masimulizi tutaandika “siyo” badala ya “sio”. Muda ulikuwa mfupi. Nikaiamuru kompyuta ibadilishe kila “sio” kuwa “siyo”, ikatii. “Makisio” yakawa “makisiyo”, na hilo lilionekana haraka. Lakini “watu wasiojua” wakawa “watu wasiyojua”, na “msiomjua” ikawa “msiyomjua”. Ubaya wa “wasiyojua” ni kwamba ni neno halali kabisa. Tunasema “mambo wasiyojua”. Programu ya kukagua tahajia haikuona tatizo, wala msomaji wa prufu wa kwanza hakuliona. Yalipatikana baada ya kurasa kupangwa, na tuliyasaka moja moja kwa macho. Tangu siku hiyo mabadiliko ya mkupuo nayafanya kwa neno zima peke yake. Mzizi nautumia kutafuta tu, na kila mahali unapotokea napaangalia kabla ya kukubali. Uamuzi wenyewe wa “sio” na “siyo” nao nimeurekebisha: hufuata ngeli, kama “ndio” na “ndiyo” vinavyoifuata. “Huo sio mti niliouona”, lakini “hiyo siyo nyumba niliyoiona”.

Kuna kundi jingine ambalo hakuna programu itakayolikamata, nalo ni maneno mawili halali yanayotofautiana kwa l na r. Mahali ni pa kukaa na mahari hutolewa kwa bibi arusi. Fahali ni dume la ng’ombe na fahari ni majivuno. Kalamu huandika na karamu huliwa. Katika muswada wa mwalimu nilikuta sentensi hii: “Walikubaliana mahali, kisha wakakubaliana mahali.” Bila shaka neno moja kati ya hayo lilikuwa mahari. Mimi nilidhani ni la kwanza, kwa kuwa desturi huanza na mahari. Nilipouliza, mwandishi akaniambia ni la pili: wazee wa hadithi ile walianza na mahali pa kukutania, kwa sababu pande mbili zilikuwa hazisemezani. Ndiyo maana jozi kama hizo nazipitia kwa kusoma sentensi nzima, na pale penye shaka naandika swali. Sibahatishi.

Baada ya tahajia nikaingia kwenye maneno ya mkopo, na hapa kuna njia ninayoipenda sana kwa sababu inatumia tabia ya lugha yenyewe. Neno la Kiswahili huishia kwa irabu. Neno linaloishia kwa konsonanti karibu kila mara ni mgeni ambaye hajazoea nyumba, au ni jina la mtu, au ni kosa la kuchapa. Basi naiambia kompyuta inionyeshe maneno yote yanayoishia kwa konsonanti. Katika LibreOffice Writer nafungua dirisha la kutafuta, naweka alama penye `Regular expressions`, kisha naandika:

```
(?<![A-Za-z])[A-Za-z]+[b-df-hj-np-tv-z](?![A-Za-z])
```

Kwa maneno ya kawaida, mstari huo unasema: tafuta mfuatano wa herufi ambao herufi yake ya mwisho si a, e, i, o wala u. Katika muswada ule ulileta majina kama Salim na Maryam, ambayo niliyapita. Ulileta “nyumban” na “alipofik”, ambazo vidole vya mwandishi vilikuwa vimeziacha bila mkia. Ukaleta lile kundi linalogombanisha wahariri: “maalum”, “takriban”, “hususan”, “mathalan”, “abadan”. Maneno haya yana asili ya Kiarabu, na waandishi huyaandika ama kwa kuishia na konsonanti ama kwa kuyapa irabu: maalumu, takribani, hususani. Mwalimu alikuwa akitumia sura zote mbili, wakati mwingine katika aya moja. Mimi napendelea irabu, kwa sababu hivyo ndivyo wasomaji wengi wa bara wanavyotamka na hivyo ndivyo neno linavyokaa sawa na mengine katika mstari. Mwandishi wa Pwani ana haki ya kupendelea nyingine, ila asichanganye. Tulikubaliana juu ya irabu katika masimulizi.

Utafutaji huo hukamata pia ile “ng” ya ng’ombe, kwa kuwa kompyuta huiona alama ya ritifaa kama ukuta. Mwanzoni hilo liliniudhi. Sasa naliona kama zawadi, kwani linanipeleka kwenye kila ng’ ya muswada bila kuiomba, na hapo ndipo nazikuta sura zote ambazo watu huziandika: ritifaa iliyopinda sawasawa, ritifaa iliyonyooka, na ile alama ya kona ya kibodi inayoegemea upande mwingine. “N’gombe” haitaonekana kwa njia hiyo, wala “ngombe” isiyo na alama, kwa hiyo hizo zitafutwe peke yake. Tofauti si ya urembo. Kung’oa ni kutoa kitu na mizizi yake, na ngoa ni wivu. Mbele ya msanifu alama zote ziwe za aina moja, la sivyo zitachapwa kama zilivyo, na macho ya msomaji yatajikwaa bila yeye kujua yamejikwaa kwenye nini.

Rudi kwenye tiketi iliyopotea. Kenya watu wengi huandika “tikiti” ya basi. Tanzania tikiti ni tunda, na ya basi ni “tiketi”. Mwandishi aliyezaliwa Mombasa akaishi Tanga alikuwa na zote mbili mkononi, na hadithi yake ilikuwa na kituo cha basi na soko la matunda katika sura moja. Tukaamua “tiketi” kwa safari na “tikiti” kwa tunda. Lakini kubadilisha neno pekee hakutoshi, maana neno la mkopo huja na upatanisho wake. Ya basi husemwa “akaitia mfukoni”, na tunda “akalitia kikapuni”. Mahali pamoja nilikuta “alinunua tikiti akaliweka juu ya meza”, na ile “li” ndiyo iliyonizuia kuligeuza kuwa tiketi ya basi. Nilikuta pia “gari ile” mara kumi na moja na “gari lile” mara nyingi zaidi. Katika masimulizi tulilifuata Sanifu, gari lile na magari yale, na upatanisho wa sentensi nzima ukafuata: likaja, likasimama, likazima. Hapo ndipo wahariri wengi wachanga hukosea. Hurekebisha nomino wakasahau kitenzi kilicho maneno manane mbele.

Kuhusu herufi za mlazo, waandishi wengi huzitumia kwa kila neno wanalohisi ni geni, na ukurasa ukaonekana kama umepigwa na upepo. Kipimo changu ni kimoja. Neno likikubali viambishi vyetu, kama “makocha”, “madereva”, “anaripoti”, limeshakuwa letu, litaandikwa wima na kwa tahajia yetu. Mlazo ubaki kwa neno ambalo mhusika mwenyewe analitamka kama la kigeni na anataka lisikike hivyo. Katika riwaya nzima yalibaki manne.

Na sasa kinywa cha Bibi.

Bibi wa hadithi anasema Kimvita. Mahali ambapo Sanifu ina “nchi” yeye husema “nti”. Chini kwake ni tini, mchele ni mtele, macho ni mato, na kucheka ni kuteka. Katika ukurasa wa 34 anamtazama mjukuu wake na kumwambia, “Mbona wateka?” Msomaji wa Sanifu anaweza kudhani anaulizwa kuhusu watu wanaoteka maji. Nilipoupokea muswada, mtu fulani aliyeusaidia kuuchapa alikuwa ameshaanza “kusahihisha”: katika kurasa za mwisho Bibi alikuwa akisema “chini” na “mchele” kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Kati ya ukurasa wa 150 na wa 180 alikuwa amepoteza lahaja yake yote, na pamoja nayo nusu ya utu wake.

Nilimpigia mwandishi simu.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Umefika wapi?”

“Nimefika kwa Bibi. Nauliza, anapokaribia mwisho anasema mchele. Amebadilika kwa kukaa Tanga, au ni mkono wa mchapaji?”

Akanyamaza kidogo. “Bibi habadiliki. Akisema nti, ni nti mpaka anaingia kaburini. Anayebadilika ni mjukuu. Akiwa na bibi yake atasema mtele, akiwa na wenzake barazani atasema mchele. Hilo ulitunze.”

Jibu hilo lilinipa karatasi ya pili. Ya kwanza ilikuwa ya maneno, na hii ya pili ikawa ya watu. Niliandika jina la kila anayesema katika riwaya na, mbele yake, namna anavyosema na nani. Msimulizi: Sanifu kila mahali. Bibi: Kimvita, kwa kila mtu. Mjukuu: Kimvita mbele ya Bibi, Kiswahili cha mtaani cha Tanga kwa wenzake, na “haswa” badala ya “hasa”. Mkwe kutoka bara: Sanifu ya shuleni. Jirani wa Unguja: “skuli” badala ya “shule”, “mie” na “weye” badala ya “mimi” na “wewe”. Halafu nilisoma muswada mara ya tatu kwa namna ya ajabu kidogo: nilisoma maneno ya Bibi peke yake, tangu mwanzo hadi mwisho, nikiruka kila kitu kingine. Kisha ya mjukuu. Kisha ya jirani. Mtu ukimsikiliza peke yake kwa saa nzima, neno lisilo lake linagonga sikio papo hapo.

Kurudisha Kimvita cha Bibi katika kurasa zile thelathini hakungewezekana kwa kubadilisha ch kuwa t. Kimvita hakifanyi hivyo kila mahali. Ch inayotokana na kiambishi cha ngeli, kama katika chakula, chumba na chombo, hubaki ch huko pia. Kompyuta ingempa Bibi “takula”, neno ambalo hakuna mtu wa Mombasa aliyewahi kulitamka. Nilitia alama mahali pote penye shaka, na mwandishi akayajaza mwenyewe kwa mkono. Mimi si mzaliwa wa huko, na mhariri asijifanye mwenyeji wa lahaja asiyoizungumza.

Baada ya maneno yenyewe kuna nguo yake, yaani alama. Usomaji wa Kiswahili umezoea mitindo kadhaa. Biblia ya Union Version ya 1952, kwa mfano, haifungi maneno ya msemaji kwa alama zozote. Hutosheka na mkato na herufi kubwa, na wasomaji wameielewa miaka yote hiyo. Kwa riwaya mimi hushikilia alama mbili-mbili, “hivi”, na sababu yangu ni ile ng’ tena. Ukitumia alama moja-moja kwa usemi, halafu mhusika akasema kwamba ng’ombe anang’ang’ania kung’oa nyasi, msomaji anakutana na alama sita za sura ileile, mbili za usemi na nne za ritifaa. Alama moja-moja naziweka akiba kwa usemi ulio ndani ya usemi. Mkato na nukta hukaa ndani ya alama za kufungia: “Njoo,” akasema. Mwalimu alikuwa akizitia nje na ndani kwa zamu, na hizo nilizirekebisha bila kumsumbua.

Kosa moja la mazungumzo lilijaa kila sura, na chanzo chake kilikuwa kompyuta. Ukiandika alama ya kuuliza, programu ya kuandikia hudhani sentensi imekwisha, na neno linalofuata hulipa herufi kubwa yenyewe. Basi ukapata:

“Umefika saa ngapi?” Akauliza.

Hapo “akauliza” ni sehemu ya sentensi ileile, kwa sababu ndicho kitenzi kinachobeba maneno yaliyosemwa. Kiandikwe kwa herufi ndogo. Lakini tazama hii:

“Umefika saa ngapi?” Akavuta kiti, akakaa.

Kuvuta kiti si kusema. Hiyo ni sentensi mpya, na herufi kubwa ni yake kwa haki. Kwa kuwa vitenzi vyote viwili huanza na “aka”, hakuna amri ya kompyuta itakayovitenganisha. Nilitafuta kila alama ya kuuliza na ya mshangao iliyofuatwa na alama ya kufungia usemi na herufi kubwa, nikauliza swali moja kila mahali: je, kitenzi hiki kinasema? Jioni mbili zilitosha.

Siku ya kumkabidhi msanifu faili nilimwambatishia karatasi zote mbili na ukurasa mmoja wa maelezo. Muhimu kuliko yote humo ilikuwa lugha ya kukatia maneno mwishoni mwa mstari. Programu ya kupanga kurasa ikiachwa kwenye Kiingereza hukata maneno yetu kwa kanuni za Kiingereza, na matokeo ni “nyum-bani” na “ang-alia”. Silabi zetu huishia kwa irabu: nyu-mba-ni, a-nga-li-a. Kwa hiyo nilimwandikia kwamba neno likatwe baada ya irabu tu, kwamba mb, nd, ng, ny, sh, ch, th, dh na gh zisitenganishwe, kwamba ng’ isiachane na ritifaa yake, na kwamba isibaki herufi moja peke yake mwishoni mwa mstari hata kama ni silabi kamili. Maneno machache kama “labda” hukatika baada ya konsonanti, lab-da, na hayo ayaache yasikatwe kabisa. Kama programu yake haiwezi kufuata hayo, bora azime ukataji wote na kuacha mistari ya kulia isilingane.

Aliuzima. Prufu zilipokuja zilikuwa safi upande huo, na nilipozipeleka kwa mwalimu alizirudisha baada ya siku tisa zikiwa na masahihisho saba. Moja lilikuwa ukurasa wa 34. Alikuwa ameizungushia duara “Mbona wateka?” na pembeni, kwa wino mwekundu, ameandika: “Iache hivyo hivyo. Akija mtu kuigusa, anipigie kwanza.”